Fedha Iliyokwama Kati ya Kisumu na Mwanza



Mwezi huu tunazungumza juu ya kutuma fedha kwa simu kutoka nchi moja kwenda nchi nyingine. Sisi wa Nyamagana tunalihitaji jambo hili. Dagaa wetu huvuka mpaka. Watoto na ndugu zetu wengine wanafanya kazi Kisumu, Nairobi na Kampala. Wanunuzi hutoka huko kuja kwetu, na wauzaji wetu huenda kwao. Mahali biashara inapovuka mpaka, fedha nayo lazima ivuke.

Kutuma fedha kwa simu ndani ya nchi tumekwisha zoea. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mwaka 2008 ikaanza kwetu Tanzania. Kuvuka mpaka kulikuja baadaye. Mwaka 2014 kampuni ya Tigo ilianza kupitisha fedha kati ya Tanzania na Rwanda. Mwaka 2015 Vodacom ya Tanzania na Safaricom ya Kenya ziliunganisha M-Pesa zao, na mtu wa Kisumu akaweza kumtumia mtu wa Mwanza moja kwa moja.

Lakini wengi wetu tumeona kwamba fedha hii ya kuvuka mpaka hukataa mara nyingi kuliko ile ya ndani. Mtu wa Kisumu anapiga simu anasema, "Nimetuma." Mtu wa Mwanza anatazama simu yake, haoni kitu. Ugomvi unaanza. Mmoja anamwita mwenzake mwongo, kumbe hakuna aliyesema uongo.

Ili tujue kwa nini inakataa, kwanza tujue inavyosafiri.

FEDHA HAISAFIRI

Watu hudhani kwamba shilingi za Kenya zinatoka Kisumu, zinapita Sirari, zinaingia Mwanza. Sivyo. Hakuna fedha inayosafiri.

Unapompa wakala fedha zako ukawekewa kwenye simu, fedha ile ya kweli hutunzwa benki, katika akaunti maalumu. Kinachokaa katika simu ni hesabu tu. Ni kama stakabadhi ya mkulima aliyepeleka pamba ghalani. Pamba iko ghalani, karatasi iko mfukoni.

Kenya wana ghala lao, lenye shilingi za Kenya. Sisi tuna ghala letu, lenye shilingi za Tanzania. Mtu wa Kisumu anapotuma, kampuni yake inapunguza hesabu yake huko. Halafu inaiambia kampuni ya huku, "Mwongezee mtu fulani kiasi fulani." Kampuni ya huku inaongeza hesabu ya mpokeaji kwa shilingi za Tanzania. Baadaye kampuni hizi mbili hulipana kwa njia ya benki.

Kampuni ya huku haikopeshi bila mpaka. Kwa kawaida kampuni inayotuma, au mtu wa kati anayeziunganisha, huweka akiba mapema upande wa pili. Wapokeaji wanalipwa kutoka katika akiba hiyo. Tuukumbuke mpango huu wa akiba, kwa sababu tutaurudia.

Basi fedha inayovuka mpaka hupita milango mitatu. Mlango wa kwanza ni njia. Mlango wa pili ni sarafu. Mlango wa tatu ni kikomo. Mlango mmoja ukifungwa, fedha hukwama. Na kila mlango una dalili zake.

TUCHUKUE MFANO

Tumchukue mama mmoja wa Igoma anayeuza dagaa wakavu. Mnunuzi wake yuko Kisumu. Wamepatana magunia ya shilingi milioni moja na laki mbili, yaani 1,200,000. Gari linaloelekea Sirari linaondoka jioni. Mama hatapakia magunia kabla hajalipwa. Mnunuzi naye asipopata mzigo leo, wateja wake watanunua kwa mtu mwingine. Sasa ni saa nne asubuhi.

MLANGO WA KWANZA: NJIA

Mnunuzi anafungua simu yake. Anakwenda mahali pa kutuma fedha kama alivyozoea, anaandika namba ya mama kama ilivyo kwenye karatasi. Namba inaanza na 07. Simu inamletea jina. Lakini si jina la mama. Ni jina la mtu asiyemjua kabisa.

Limetokea nini? Namba za Tanzania zina tarakimu 10, na nyingi zinaanza na 07. Namba za Kenya nazo zina tarakimu 10, na nyingi zinaanza na 07. Kwa hiyo namba ya mama wa Igoma inaweza kuwa pia namba ya mtu wa Nakuru au Mombasa. Mtumaji alipoiandika katika sehemu ya kutuma ndani ya Kenya, simu ilimtafuta mwenye namba hiyo ndani ya Kenya, ikampata. Kama mnunuzi asingesoma jina, fedha ingekwenda kwa mtu huyo.

Hapa fedha haikatai, bali inakwenda kusiko. Hilo ni baya kuliko kukataa.

Dawa yake ni mbili. Kwanza, mtumaji atumie sehemu ya kutuma nje ya nchi, siyo sehemu ya kawaida. Pili, aandike namba pamoja na namba ya nchi. Ya Tanzania ni 255. Ya Kenya ni 254. Ya Uganda ni 256. Sifuri ya mwanzo huondolewa. Tuseme namba ni 0700 000 000. Mtu wa Kenya ataiandika 255 700 000 000. Zote ni tarakimu 12. Akihesabu akapata 13, amesahau kuondoa sifuri. Wewe muuzaji mwandikie mnunuzi wako namba yako hivyo tangu mwanzo, usimwachie kazi ya kukisia.

Mnunuzi wetu anafanya hivyo. Mara hii simu inajibu kwamba mpokeaji hawezi kupokea fedha hii.

Mnunuzi anashangaa. Namba ni sahihi na mama anapokea fedha kila siku kutoka Geita na Sengerema. Kwa nini asipokee kutoka Kisumu?

Sababu ni kwamba njia ya kuvuka mpaka haiunganishi nchi na nchi. Inaunganisha kampuni na kampuni. Kampuni moja ya Kenya imepatana na kampuni fulani za Tanzania. Kama laini ya mpokeaji ni ya kampuni isiyo na mapatano, hakuna njia. Ndani ya nchi kampuni zetu zimeungana, ndiyo maana tumesahau kwamba jambo hili lipo. Mpakani linajitokeza tena.

Mama wa Igoma anasema, "Lakini laini yangu ni ya kampuni ileile uliyoitaja. Tazama tarakimu za mwanzo." Hapo ndipo anapokosea. Tangu Machi 2017 Mtanzania anaweza kuhama kampuni na kubaki na namba yake ileile. Mama alihama miaka miwili iliyopita kwa sababu mtandao ulikuwa hafifu nyumbani kwake. Namba inaonekana ya kampuni ya zamani, lakini mwenyewe yuko kwingine. Kwa hiyo usiitambue kampuni kwa tarakimu za mwanzo peke yake. Muulize mwenye laini, "Sasa hivi fedha zako za simu zinatunzwa na kampuni gani?"

Tena, njia inaweza kuwa ya upande mmoja. Kupokea kutoka Kenya kukiwezekana, haina maana kwamba kutuma kwenda Kenya kutawezekana kwa laini hiyohiyo. Kila upande una mapatano yake na ruhusa yake. Uliza pande zote mbili kabla hujaahidi kumrudishia mtu fedha.

Mama ana laini ya pili, ya kampuni yenye mapatano. Imesajiliwa kwa jina lake mwenyewe na kwa alama zake za vidole. Anampa mnunuzi namba hiyo. Jina linakuja, na ni jina lake. Mlango wa kwanza umefunguka. Saa tano imefika.

MLANGO WA PILI: SARAFU

Sasa mnunuzi anaandika kiasi. Anaandika 1,200,000. Simu inakataa. Inasema kiasi kimezidi.

Hapa tuelewe jambo dogo lililowatatiza wengi. Neno "shilingi" ni moja, lakini shilingi ni tatu. Mpaka mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Mwaka huo kila nchi ilianza kutoa shilingi yake. Jina likabaki lilelile, lakini thamani zikaachana. Leo shilingi 1 ya Kenya inanunua karibu shilingi 20 za Tanzania. Bei hii hupanda na kushuka, lakini kwa kuelewa tu itatufaa.

Mama aliposema "milioni moja na laki mbili" alikuwa na maana ya shilingi zetu. Mnunuzi aliandika tarakimu zilezile katika simu inayohesabu shilingi za Kenya. Kumbe alikuwa anajaribu kutuma zaidi ya milioni 20 za Tanzania. Kikomo ndicho kilichomwokoa. Lakini kama deni lingekuwa 60,000 za Tanzania, asingeokolewa. Angeandika 60,000, simu ingekubali, na angelipa mara 20 ya deni lake.

Kwa hiyo anayetaka kulipwa kutoka nje asitaje kiasi bila kutaja nchi. Aseme, "shilingi 1,200,000 za Tanzania." Akiandika, aandike TZS kwa shilingi ya Tanzania, na KES kwa shilingi ya Kenya. Ndivyo benki zinavyoandika, na mara nyingi ndivyo inavyosomeka katika simu. Ya Uganda huandikwa UGX.

Mnunuzi anapiga hesabu. Anagawa 1,200,000 kwa 20, anapata 60,000. Anaandika 60,000. Kabla ya kutia namba ya siri, simu inamwonyesha kiasi ambacho mama atapokea. Inasema 1,170,000. Pamepungua 30,000. Zimekwenda wapi?

Tuhesabu pamoja. Bei aliyoisikia redioni ni 20. Lakini kampuni haikubadilishia kwa bei hiyo. Katika mfano wetu imetumia 19.5. Ukizidisha 60,000 kwa 19.5 unapata 1,170,000. Tofauti ile ya nusu shilingi katika kila shilingi ndiyo sehemu ya faida ya wanaobadilisha. Wenye maduka ya kubadilisha fedha hufanya vivyo hivyo. Wananunua kwa bei moja na kuuza kwa bei nyingine. Ada ya kutuma huongezwa juu yake, nayo hukatwa kwa mtumaji.

Basi gharama ya kuvuka mpaka iko mahali pawili. Moja ni ada, na hiyo huandikwa. Nyingine imo ndani ya bei ya kubadilisha, na hiyo watu wengi hawaioni. Mtu akikuambia, "Kwetu hakuna ada," mwulize, "Bei yenu ya kubadilisha ni ngapi?"

Mama na mnunuzi wanakubaliana kwamba mama apokee kiasi kamili. Sasa mnunuzi anagawa 1,200,000 kwa 19.5. Anapata karibu 61,540. Anahakikisha pia kwamba katika simu yake imebaki fedha ya kulipa ada. Kama angekuwa na 61,540 tu bila ya senti moja zaidi, fedha ingekataa, na ujumbe ungesema salio halitoshi. Watu wengi hukasirika hapo, maana wanaona fedha ipo. Fedha ya kutuma ipo, ila ya ada haipo.

MLANGO WA TATU: KIKOMO

Mnunuzi anaandika 61,540. Kiasi hiki kiko chini ya kikomo cha Kenya. Tangu Agosti 2023 mtu wa M-Pesa ya Kenya anaweza kutuma mpaka shilingi 250,000 za Kenya kwa mara moja, na kuweka katika simu mpaka 500,000. Kwa hiyo upande wa Kenya hakuna tatizo. Anatia namba ya siri. Baada ya muda mfupi ujumbe unakuja: haikufaulu.

Mnunuzi anasema, "Nimefuata yote. Sasa kosa ni la nani?"

Kosa liko katika mlango wa tatu, upande wa mama. Vikomo vya kuvuka mpaka si kimoja. Kipo kikomo cha anayetuma. Kipo kikomo cha njia yenyewe, ambacho kinaweza kuwa kidogo kuliko kile cha kutuma ndani ya nchi. Na kipo kikomo cha anayepokea. Hiki cha tatu ndicho watu wanachokisahau.

Akaunti ya simu ni kama debe. Lina ujazo wake. Ujazo huo hutegemea jinsi ulivyosajiliwa. Mtu aliyetoa maelezo kamili na kitambulisho hupewa debe kubwa kuliko mtu wa usajili mdogo, na mfanyabiashara aliyejiandikisha kama mfanyabiashara hupewa kubwa zaidi. Benki Kuu ndiyo inayosimamia mambo haya, ili fedha ya wizi isipate mahali pa kujificha.

Tuseme debe la mama lina ujazo wa shilingi 2,000,000. Jana aliuza, na ndani ya simu alikuwa na 1,100,000. Ukijumlisha 1,100,000 na 1,200,000 unapata 2,300,000. Debe linajaa, 300,000 zinabaki nje. Kampuni haiwezi kumwingizia nusu na kuacha nusu. Inaikataa yote.

Angalia vizuri, ndugu msomaji. Mtumaji hakuzidisha. Njia ilikuwa wazi. Sarafu ilikuwa sawa. Fedha ilikataa kwa sababu ya salio la mpokeaji. Na mtumaji hawezi kulijua salio la mtu mwingine. Simu yake inamwambia tu kwamba haikufaulu. Ndiyo maana watu wa pande mbili hulaumiana.

Kwa hiyo kabla ya kutumiwa fedha nyingi, mpokeaji apige *150*00# kama ni mtu wa M-Pesa ya Tanzania, atazame salio lake. Ajue pia ujazo wa akaunti yake, kwa kumwuliza mhudumu wa kampuni. Kisha atoe kimoja katika kingine. Mama wa Igoma anahamisha 500,000 kwenda benki. Sasa anabaki na 600,000. Ukiongeza 1,200,000 unapata 1,800,000. Debe linatosha.

Mtu mwingine angesema, "Nigawie mara mbili." Wakati mwingine hilo linasaidia, kama shida ni kikomo cha kutuma mara moja. Lakini kama debe la mpokeaji limejaa, hata ukigawa mara kumi halitapokea. Na kama shida ni kikomo cha siku, kugawa hakusaidii, maana vipande vyote vinajumlishwa. Isitoshe, kila kipande kinaweza kukatwa ada yake. Basi jua kwanza ni kikomo kipi kilichokukataa.

FEDHA ISIYOJULIKANA ILIPO

Mnunuzi anatuma tena. Mara hii simu haisemi ndiyo wala hapana. Inasema muamala unashughulikiwa. Salio lake limepungua. Simu ya mama iko kimya.

Hali hii ndiyo inayotisha kuliko zote, lakini ina maelezo. Kampuni ya Kenya imepeleka habari upande wa pili, na jibu halijarudi. Pengine fedha imeingia na jibu ndilo lililochelewa. Pengine haijaingia. Kampuni haijui, kwa hiyo haiwezi kumrudishia mtumaji mara moja. Ikimrudishia, na kumbe mpokeaji amekwisha ingiziwa, watalipwa watu wawili kwa fedha moja.

Sababu nyingine ni ile akiba tuliyoitaja mwanzoni. Wapokeaji hulipwa kutoka katika akiba iliyowekwa upande huu. Benki zikiwa zimefungwa, kwa mfano siku za mwisho wa juma na sikukuu, akiba inaweza kupungua mpaka kwisha kabla haijajazwa. Hapo hata mtu mwenye namba sahihi na kiasi kidogo hukwama. Dalili yake ni hii: watu wengi wanakwama kwa wakati mmoja, wakubwa kwa wadogo, na jana njia ileile ilifanya kazi. Ukiona hivyo, usibadilishe namba wala kiasi. Subiri.

Wakati wa kusubiri, mtumaji asitume mara ya pili. Huu ndio ushauri mkubwa kuliko wote. Akituma tena, na ile ya kwanza ikafika, atakuwa amelipa mara mbili. Kuirudisha ni kazi, kwa sababu imekwisha geuka shilingi za Tanzania na iko katika mikono ya mtu mwingine. Kuigeuza tena kuwa shilingi za Kenya kunaweza kuleta hasara ya kubadilisha mara ya pili.

Mtumaji atunze ujumbe wenye namba ya muamala. Asiufute. Namba hiyo ndiyo itakayoulizwa. Na anayetakiwa kulalamika ni mtumaji, kwa kampuni yake mwenyewe, kwa maana hesabu iliyopungua ni yake. Mama wa Igoma akienda kwa kampuni ya Mwanza kuuliza fedha ambayo haijafika, hawataiona katika vitabu vyao.

Naye mama asipakie magunia kwa sababu ameonyeshwa ujumbe wa mnunuzi. Ujumbe unaweza kutungwa na mtu yeyote. Asipakie hata kwa ujumbe ulioingia katika simu yake mwenyewe, mpaka apige *150*00# na kuona salio limeongezeka. Katika mfano wetu salio lilikuwa 600,000. Akiona 1,800,000 na ushei, amelipwa. Akiona 600,000, bado hajalipwa, hata kama mnunuzi ni mtu mwema.

Saa tisa alasiri mama anapiga tena. Salio ni 1,800,030. Zile 30 zimetokana na mnunuzi kukamilisha hesabu ya 61,540. Magunia yanapakiwa. Gari la Sirari linaondoka nayo.

TUZITAMBUE DALILI

Kama jina linalotokea si la mpokeaji, shida ni njia au namba. Acha hapohapo.

Kama simu inasema mpokeaji hawezi kupokea, uliza kampuni ya laini yake ya leo.

Kama simu inasema kiasi kimezidi, angalia kwanza kama umeandika shilingi za nchi nyingine. Halafu ndipo ufikirie kikomo.

Kama simu inasema salio halitoshi, hesabu ada.

Kama haikufaulu na kwa mtumaji kila kitu ni sahihi, mpokeaji atazame kama akaunti yake imekaribia kujaa.

Kama inashughulikiwa, subiri, tunza namba ya muamala, wala usitume tena.

Mama wa mfano wetu alitumia saa tano, kutoka saa nne mpaka saa tisa. Sehemu kubwa ya saa hizo zilipotea kwa mambo ambayo yangejulikana jana yake kwa simu moja: kampuni ya laini yako ni ipi, shilingi ni za nchi gani, bei ya kubadilisha ni ngapi, na salio lako limefika wapi.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Namba yako ya simu ni ipi? Iandike kama mtu wa Kenya angeiandika. Hesabu tarakimu zake.

2. Mtu wa Kisumu ametuma shilingi 10,000 za Kenya kwa bei ya 19.5. Mpokeaji wa Mwanza atapata shilingi ngapi za Tanzania?

3. Akaunti yako ina ujazo wa 2,000,000. Ndani yake mna 1,700,000. Ndugu yako anataka kukutumia 20,000 za Kenya kwa bei ya 19.5. Zitaingia? Kama hazitaingia, utoe kwanza angalau kiasi gani?

4. Kwa nini mtumaji asitume mara ya pili wakati simu inasema muamala unashughulikiwa?

MAJIBU YA HESABU

Swali la 2: shilingi 195,000.

Swali la 3: Hazitaingia. Fedha inayokuja ni 390,000. Ukijumlisha na 1,700,000 unapata 2,090,000. Utoe kwanza angalau 90,000.